Ukisema "hii siri", simu inaamka

Majirani zetu wenye Alexa jikoni wana shida yao: kama binti yao anaitwa Alexa au Alexis, kila wakimwita aje kula, spika nayo inaitika. Sisi watoto wa Waswahili tuna shida kubwa kidogo kuliko hiyo. Kwetu si jina la mtoto mmoja, ni neno la kila siku. Siri. Msaidizi wa simu za Apple amepewa jina ambalo mama zetu hulitaja hasa pale wanapotaka kusema jambo ambalo halifai kusikika.

Hebu fikiria mara ngapi linatoka kwa siku moja. "Hii ni siri, usimwambie baba yako." "Wamefunga ndoa kwa siri." "Weka namba ya siri." "Neno la siri la waifai ni lipi?" Na ile ya hatari kuliko zote: "Hii siri..." Itamke haraka, kama anavyoitamka shangazi akisogea karibu na sikio lako. Halafu utamke "Hey Siri" kwa Kiingereza cha hapa Champlin. Irabu ya kwanza tu ndo imesogea kidogo. Kilichobaki ni kilekile: herufi H, silabi ndefu, kisha si-ri yenye mkazo mwanzoni.

Kumbe hata waliotoa jina hilo walikuwa wanajua. Siri ilianza kama kampuni ndogo iliyotoka kwenye utafiti wa SRI International kule California, na Apple wakainunua mwaka 2010. Mmoja wa waanzilishi, Adam Cheyer, ameeleza kwamba jina lilipendwa kwa sababu kadhaa. Moja ni kuwa ni jina la mwanamke la Kinorwe, na mwenzake Dag Kittlaus ana asili ya huko. Nyingine ni kuwa kwa Kiswahili maana yake ni siri, na kampuni yao ilikuwa bado inafanya kazi kwa kujificha. Walipenda maana yetu. Sidhani walifikiria kwamba siku moja kifaa kitakuwa kinasubiri neno hilo usiku na mchana ndani ya nyumba ya watu wanaolitumia.

Na kusubiri huko hakukuwepo tangu mwanzo. Siri ilipoingia kwenye aifoni ya 4S mwaka 2011, ilibidi ubonyeze kitufe. "Hey Siri" ikaja mwaka 2014. Kisha Septemba 2023, kwenye iOS 17, Apple wakaruhusu kuondoa "Hey" na kutaja jina peke yake. Kwa Mmarekani huo ulikuwa urahisi mdogo tu. Kwetu ndo mlango ulifunguka wote, maana sasa hata "hii" haihitajiki. Neno "siri" tupu, katikati ya sentensi yoyote ya Kiswahili, limeshafanana na amri.

Sasa, simu inasikiaje? Watu wengi wanadhani inaelewa maneno yote, halafu inachagua lile la kuitika. Sivyo. Apple wenyewe walieleza mwaka 2017 jinsi kazi inavyogawanywa. Kuna kichakataji kidogo kisicholala, chenye matumizi madogo ya betri. Chenyewe hakijui maana ya neno lolote. Kinachukua sauti vipande vifupi vifupi, kila kimoja kama sehemu ya tano ya sekunde, na kukipa alama: hiki kinafanana na sauti za "Hey Siri" kiasi gani? Alama zikipita kiwango fulani, kinaamsha kichakataji kikubwa, ambacho kinapima tena kwa ukali zaidi. Kikikubali, Siri anaamka.

Kwa hiyo suala zima ni kufanana kwa sauti, na kiwango kimewekwa na watu. Wakikiweka juu sana, utaita mpaka uchoke. Wakikishusha, kitaitika hata kisichoitwa. Hakuna kiwango kinachomaliza makosa yote mawili. Na fungu la sauti likiwa fupi, ndivyo maneno mengi ya kawaida yanavyolikaribia. Ndo maana kuondoa "Hey" kuna gharama yake.

Na si Kiswahili peke yake kinachoiamsha. Julai 2018 aliyekuwa waziri wa ulinzi wa Uingereza, Gavin Williamson, alisimama bungeni kuzungumzia vita vya Syria. Akitaja jina la nchi hiyo, simu yake ikadakia kwa sauti, bunge zima likasikia. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr kule Bochum, Ujerumani, pamoja na wenzao, waliweka spika mbele ya vipindi vya televisheni na wakakusanya maneno zaidi ya 1,000 yanayoweza kuamsha wasaidizi mbalimbali kwa makosa. Kwa Siri, walipata mambo kama "a city". Kama "a city" inatosha, basi "hii siri" haina la kujitetea.

Kuna kinga moja ndogo kwenye aifoni. Ukiiwasha huduma hii kwa mara ya kwanza, unaombwa urudie maneno kadhaa ili simu ijifunze sauti yako. Baada ya hapo inajaribu kukataa sauti za wengine. Hii inasaidia pale jirani anapoita simu yake kwenye basi. Haisaidii kitu pale ambapo anayesema "siri" ni mama mwenyewe, kwenye simu yake mwenyewe. Na spika ya nyumbani, ile HomePod, inaitika kwa yeyote aliyepo sebuleni, mgeni hata mtoto.

Akishaamka, inakuwaje? Hapa kuna jambo la pili la kuelewa. Siri hajui Kiswahili. Hakimo kwenye orodha ya lugha zake. Kwa hiyo maneno yanayofuata anayasikia kama Kiingereza kilichovunjika, na anajaribu kuyapa maana. Mara nyingi anaishia kusema hajaelewa, au anatafuta upuuzi kwenye intaneti. Hiyo ni afadhali. Lakini Kiswahili chetu cha huku kimejaa Kiingereza. Mtu anasema, "hii siri, usiko mama Njeri saa hii." Kwa masikio ya mashine, hapo kuna "call" na kuna jina lililoko kwenye orodha ya simu. Sisemi itapiga kila mara. Nasema vipande vyote vya kupiga vipo, na unayempigia ndo yule hasa aliyekuwa anasengenywa.

Halafu kuna swali la rekodi. Julai 2019 gazeti la The Guardian liliandika kwamba wafanyakazi wa mkataba walikuwa wanasikiliza vipande vya sauti za Siri ili kupima ubora, na ndani yake mlikuwa na mazungumzo yaliyonaswa kwa kuamka kwa makosa: watu na madaktari wao, mambo ya chumbani, biashara. Apple walisema ni chini ya asilimia 1 ya maombi ya kila siku. Mwezi uliofuata wakasimamisha kazi hiyo, wakaomba radhi, na baadaye wakaifanya iwe ya hiari. Kesi ilifunguliwa California mwaka huohuo, na mwanzoni mwa 2025 ikajulikana kwamba Apple wamekubali kulipa dola milioni 95 kuimaliza, bila kukiri kosa. Wenye vifaa hapa Marekani waliweza kudai mpaka dola 20 kwa kifaa, visizidi vitano. Muda wa kudai ulifungwa tarehe 2 Julai 2025, kwa hiyo anayekutumia linki leo akuambie ujaze fomu ya hela za Siri, mwache tu.

Tuwe wakweli pia kwamba mambo si yaleyale ya 2019. Tangu iOS 15 ya mwaka 2021, simu zenye chipu ya A12 kwenda juu, yaani kuanzia XS na XR, zinageuza sauti kuwa maandishi humohumo ndani ya simu, na kwa kawaida sauti yenyewe haitumwi. Maandishi ya ombi ndo yanaweza kwenda kwenye seva. Kwa hiyo leo hofu yangu kubwa si mtu aliyevaa spika za masikio mahali fulani. Ni simu kupiga namba isiyofaa, au spika ya jikoni kujibu kwa sauti wakati binamu anasimulia mambo ya makaratasi yake ya uhamiaji. Na wengi wa wazazi wetu wanafanya kazi kwenye nasingi homu na nyumba za uangalizi. Akipigiwa na mwenzake wa zamu kuhusu mgonjwa, mazungumzo yale yana sheria yake. Kifaa kinachoamka katikati hakitakiwi pale.

Basi tukizime. Tuchukue nyumba ya mfano, ya kawaida kabisa huku kwetu kati ya Brooklyn Park na Champlin. Mama ana aifoni na saa ya Apple. Jikoni kuna HomePod ndogo, zawadi ya Krismasi. Mtoto wa mwisho ana aipadi. Mama yuko Watsapu na dada yake wa Kisumu, simu iko kwenye spika, anamwelekeza bibi kutoa hela za Em-Pesa: "sasa weka namba ya siri." Kitu kinalia ting.

Kijana wa nyumba anachukua simu ya mama. Kwenye iOS 18 na zinazofuata, njia ni hii. Ile sehemu ya kwanza inaweza kuandikwa `Siri` tu, au `Apple Intelligence & Siri`, kutegemea simu:

```
Settings > Apple Intelligence & Siri > Talk & Type to Siri > Off
```

Kwenye iOS 17 ni hii:

```
Settings > Siri & Search > Listen for > Off
```

Utaona chaguo tatu: jina tupu au "Hey Siri", "Hey Siri" peke yake, na `Off`. Watu wengi wakifika hapo wanachagua la katikati, wakiamini wamemaliza. Kwa familia ya Kiingereza ni suluhisho zuri. Kwa familia inayosema "hii siri", umepunguza tu. Chagua `Off`.

Kijana amezima. Mama anarudi kwenye simu yake, dakika tatu baadaye anasema tena "namba ya siri", na safari hii taa ya juu ya HomePod inawaka jikoni. Mama anasema, "Si ulisema umezima?" Alizima, lakini alizima moja. Vifaa vya Apple vikisikia mwito pamoja, vinaulizana kwa Blututhi nani aitike, na kimoja tu ndo kinajibu. Ukimnyamazisha aliyekuwa anajibu, zamu inakwenda kwa aliyebaki. Hii ndo sababu watu wanaapa kwamba simu "imejiwasha upya". Haikujiwasha. Ni ndugu yake.

Kwa hiyo kila kifaa kina swichi yake. HomePod inazimwa kwenye app ya `Home`: bonyeza picha ya spika kwa muda, ingia kwenye mipangilio yake, tafuta swichi inayoanza na `Listen for`, izime. HomePod haina kitufe cha kukata maikrofoni, kwa hiyo mgeni asiyejua app njia yake ni kuchomoa waya ukutani, na hiyo nayo inafanya kazi. Kwenye saa, ingia `Settings`, kisha `Siri`. Zima `Listen for`, na pia zima `Raise to Speak`, maana hiyo inamwamsha Siri kwa kuinua tu mkono karibu na mdomo, bila neno lolote. Mama anayeongea kwa mikono ataiamsha siku nzima. Aipadi ya mtoto ni sawa na simu.

Kisha kuna kitufe. Kuzima kusikiliza hakuzimi kitufe cha pembeni, na hivyo ndo vizuri: Siri bado yupo, ila anasubiri kidole. Shida ni kama simu inakaa ndani ya mkoba na kitufe kinabanwa. Hapo zima `Allow Siri When Locked`, ili simu iliyofungwa isifanye lolote. Ukizima kusikiliza na kitufe vyote viwili, simu itakuuliza kama unataka kumzima Siri kabisa. Ukikubali, amekwisha.

Umebaki usafi wa nyuma. Kwenye menyu hiyohiyo ya Siri kuna `Siri & Dictation History`. Ndani yake unafuta historia iliyoko kwenye seva za Apple. Usitegemee kuona orodha ya ulichosema, haipo, utapata kitufe cha kufuta tu. Na kwenye `Privacy & Security`, ingia `Analytics & Improvements`, uhakikishe `Improve Siri & Dictation` imezimwa. Hiyo ndo ile hiari ya watu kusikiliza sauti zako. Angalia simu za wazazi hasa. Wengi walibonyeza kukubali kila kitu siku simu iliponunuliwa.

Utajuaje kwamba kazi imekwisha? Jaribu kwa Kiswahili. Weka vifaa vyote mahali pake pa kawaida, mwambie mama aseme kwa sauti yake ya kila siku, si ya kuigiza: "hii siri", "ni siri", "namba ya siri", mara tano kila moja. Wewe angalia vioo vya simu na taa ya spika. Mwangaza wa rangi kwenye kioo ni Siri ameamka. Kwa nyumba ambayo bado inataka kumwacha akisikiliza, washa `Sound When Using Siri` kwenye HomePod ili aamkapo msikie. Kibaya kuliko kuamka ni kuamka kimyakimya.

Kuna njia ya haraka pia, kwa mgeni wa ghafla mwenye habari nzito. Aifoni ikilazwa kifudifudi, au ikifunikwa, haiitiki mwito. Wazee walikuwa wanafunga mlango kabla ya kuongea. Sisi tunageuza simu. Ila kama mtu aliwasha swichi ya kusikiliza daima kwenye `Accessibility`, kuigeuza hakutasaidia, kwa hiyo ikague mara moja.

Sasa upande wa pili, maana kuna nyumba ambazo kuzima si sawa. Bibi mwenye macho mabovu au vidole vinavyouma anamtumia Siri kupiga simu. Mtu anayeishi peke yake anaweza kuanguka bafuni na simu iko mezani. Sauti ndo mkono wake uliobaki. Usizime ya bibi bila kumuuliza, hata kama yeye ndo mwenye kusema "siri" kuliko wote.

Kwa Alexa ungebadilisha tu jina la kumwita, kuna kadhaa za kuchagua. Siri hana hiyo. Lakini kwenye iOS 18 kuna kitu kinaitwa `Vocal Shortcuts`, ndani ya `Accessibility`. Unachagua kazi, unachagua maneno yako mwenyewe, unayarudia mara tatu, na simu inajifunza. Hapo unazima kumsikiliza "Siri", na bibi anapata mwito wake. Kanuni ya kuchagua maneno ni ileile tuliyoiona kwenye alama za sauti: yawe marefu, silabi sita au saba, na yasiwe kitu anachosema kila siku. "Mungu wangu" haifai, itaamka kila dakika. Jina la kijiji alichozaliwa pamoja na jina la mbuzi wake wa utotoni, hiyo itafaa. Lijaribu kwa wiki moja yeye akiwa na watu kabla ya kulitegemea, na ukiona linakosa, rekodi upya akiwa amekaa pale anapokaa kila siku, televisheni ikiwa inaongea.

Wiki hii ukienda kwa wazazi, beba dakika kumi. Anza na spika ya jikoni, malizia na simu ya mama, na usiondoke kabla hajasema "namba ya siri" na nyumba ikabaki kimya.